Je, Wajua? Nyumba Moja au Nyingi

Nomino nyingi za ngeli ya I-ZI, yaani kundi la majina ambayo kitenzi chake huanza na i- katika umoja na zi- katika wingi, hazibadiliki umbo, hivyo idadi hutambulika kwa upatanisho, ambao ni ulinganifu wa viambishi katika sentensi: nyumba imebomoka ni moja, nyumba zimebomoka ni zaidi ya moja. Hata hivyo, si kila neno hubeba dalili hiyo, kwa kuwa vivumishi vya sifa katika ngeli hii hubaki vilevile, na mtu anayesoma “alinunua nyumba kubwa” hawezi kujua idadi mpaka aongezewe kimilikishi, kama yake au zake, kionyeshi, kama hii au hizi, au kiambishi cha mtendwa, kama katika aliinunua na alizinunua.

Majina ya wanyama hayana utata huo, kwani simba, ingawa nalo halibadiliki, hufuata upatanisho wa A-WA, ambamo kivumishi na kitenzi huonyesha idadi kwa pamoja: simba mkubwa amelala, simba wakubwa wamelala.