Enkoda Haijui Kama Inabana Katuni au Filamu ya Zamani

Chukua fremu moja ya katuni ya Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam, uiweke kando ya fremu ya filamu iliyopigwa kwa mkanda wa milimita 16 miaka ya 1970. Katika katuni, anga ni rangi moja kutoka pembe hadi pembe, na uso wa mhusika umezungushiwa mstari mkali. Katika filamu, hata ukuta mtupu unachemka: chembechembe za mkanda hubadilika kila fremu, hakuna hata moja inayofanana na ya fremu iliyotangulia. Ukizipitisha picha hizi mbili kwenye x264, enkoda ya AVC inayotumiwa zaidi na watu wanaobana video kwa ffmpeg, nayo haikuambiwa lolote, itazishughulikia kwa kanuni zilezile za wastani. Chaguo la `-tune` ndilo linaloiambia inashughulika na picha ya namna gani.

Watu wengi huliongeza wakitumaini faili litapungua. Wakati mwingine hupungua kweli. Wakati mwingine huvimba sana, na hapo enkoda haijakosea, imetii. Ili kuelewa kwa nini, inabidi tujue chaguo hili linagusa nini ndani.

AVC huigawa picha katika miraba ya pikseli 16 kwa 16, hukisia kila mraba kutokana na fremu nyingine au miraba jirani, kisha huandika tofauti iliyobaki. Tofauti hiyo hukadiriwa kwa namba za takribani, na hapo ndipo ubora unapopotea. Makadirio yakiwa makubwa, mipaka ya miraba huanza kuonekana, kwa hiyo AVC ina kichujio cha kulainisha mipaka hiyo. Kuna pia sehemu ya enkoda inayogawa biti kati ya maeneo matulivu na maeneo yenye vurugu, na nyingine inayopendelea picha ibaki na ukali unaofanana na asilia hata kama hesabu ya makosa inasema vinginevyo. `-tune` husogeza vipimo vya sehemu hizi kwa pamoja, basi. Haina njia yake ya siri ya kubana.

Tuanze na katuni. Tuseme una kipindi cha katuni cha 1080p, faili kubwa kutoka studio, nawe unataka nakala ya kusambaza. Usianze na kipindi kizima. Kata dakika moja yenye kila kitu: anga tulivu, mwendo wa haraka na giza.

```
ffmpeg -ss 00:02:00 -i katuni.mov -t 60 -an \
  -c:v libx264 -preset slow -crf 20 \
  -tune animation -pix_fmt yuv420p jaribio.mp4
```

Hapo `-tune animation` imefanya mambo kadhaa. Kichujio cha kulainisha kimeongezwa nguvu kidogo, kutoka 0:0 hadi 1:1, kwa sababu kwenye rangi tulivu hakuna maelezo madogo ya kuharibu, na mistari ya wino ni mikali kiasi kwamba kichujio huitambua kuwa si makosa na huiacha. Ule upendeleo wa ukali umeshushwa kutoka 1.0 hadi 0.4. Kwenye katuni upendeleo huo ukiwa juu huacha vumbi dogo kuzunguka mistari, vumbi ambalo mchoraji hakulichora. Ugawaji wa biti kwa maeneo matulivu umeshushwa kutoka 1.0 hadi 0.6, kwa kuwa katuni karibu yote ni tulivu na miraba yenye mistari ndiyo inayohitaji biti zaidi. Mwisho, enkoda inaruhusiwa kutumia fremu mbili zaidi za aina ya B mfululizo, na idadi ya fremu inazoweza kurejea kwa kukisia imeongezwa maradufu. Hilo la mwisho lina faida kwa katuni kwa sababu mdomo huchorwa mara chache na kurudiwa: mchoro wa sasa unaweza kufanana na ule wa fremu nane zilizopita kuliko ule wa jana yake.

Lakini hapo hapo pana mtego. Chini ya `-preset slow` fremu za marejeo huwa 5. Maradufu yake ni 10. Kwa picha ya 1080p, kiwango cha 4.1 cha AVC, ambacho vifaa vingi vya zamani vimejengwa kukifuata, kinaruhusu 4 tu. Faili litacheza vizuri kwenye simu yako na kompyuta yako, kisha litakwama au kuonyesha picha zilizovunjika kwenye runinga ya mteja inayosoma USB. Mwenye runinga atasema faili ni bovu. Dawa ni kuandika idadi mwenyewe:

```
-tune animation -x264-params ref=4
```

Unaweza kufanya hivyo bila hofu kwa sababu x264 husoma `-preset` kwanza, kisha `-tune`, ndipo huweka juu yake chochote ulichotaja kwa jina. Ulichotaja ndicho kinachoshinda.

Ukitaka kuhakikisha kilichotumika, fungua faili kwa MediaInfo. x264 kwa kawaida huacha mipangilio yake ndani ya video yenyewe. Kwa jaribio letu la kwanza utakuta kwenye mstari huo `ref=10`, `deblock=1:1:1`, `psy_rd=0.40:0.00` na `aq=1:0.60`. Ukikuta `aq=1:1.00` na `psy_rd=1.00:0.00`, basi amri yako haikufika, hata kama programu uliyotumia ilikuonyesha kitufe cha katuni kimebonyezwa. Mimi huamini mstari huu kuliko kitufe chochote.

Sasa angalia giza. Katuni yenye usiku wa buluu unaofifia taratibu kuelekea upeo wa macho ndiyo inayoumia, kwa sababu tumepunguza biti zilizokuwa zikielekezwa kwenye maeneo matulivu. Badala ya kufifia, utaona ngazi: ukanda wa buluu, kisha ukanda mwingine, na mpaka kati yao. Ukiziona, rudisha `aq-strength` hadi 0.8 au 1.0 na uache mengine yalivyo. Katuni za kompyuta zenye ngozi, manyoya na mwanga halisi nazo hazikai vizuri hapa. Kwa enkoda, simba mwenye kila unywele umechorwa ana tabia ya picha ya kamera, na mara nyingi `-tune film` humfaa zaidi.

Filamu ya milimita 16 ni kinyume cha haya yote. Chembechembe hazikisiki, kwa sababu fremu iliyopita haisemi lolote kuhusu chembechembe za fremu hii. Enkoda ya kawaida huziona kama takataka ndogo ndogo na huzifuta. Ukuta uliokuwa ukichemka unakuwa laini kama plastiki, na nyuso za waigizaji vilevile. `-tune grain` huzuia ufutaji huo. Kichujio cha kulainisha hushushwa hadi -2:-2. Ile tabia ya kutupa miraba yenye mabaki madogo tu huzimwa kabisa, kwa kuwa ni humo chembechembe zinamoishi. Ukanda ambao namba ndogo huhesabiwa kuwa sifuri hupunguzwa kutoka 21 na 11 hadi 6 na 6.

Badiliko ninalolithamini zaidi ni jingine. Kwa kawaida x264 huzipa fremu za I, zile kamili zisizotegemea nyingine, ubora mkubwa kuliko fremu za P kwa kipimo cha 1.4. Katika picha ya kawaida hakuna anayetambua. Katika filamu yenye chembechembe, fremu ya I huja na chembechembe zote, zinazofuata huzipoteza polepole, kisha I nyingine inakuja na chembechembe zinaruka tena. Picha inapumua. Tazama tukio refu lisilokatwa, mtu amekaa anaongea, kwa fremu 25 kwa sekunde: fremu za I huja angalau kila fremu 250, kwa hiyo mrukio utauona kila baada ya sekunde 10. Ukiuona, hapo umepata ushahidi. `-tune grain` hushusha kipimo hicho hadi 1.1, na mrukio huo hupungua sana au hutoweka.

Gharama yake ni biti. Kwa `-crf 20` ileile, faili la `grain` litakuwa kubwa kuliko lisilo na `-tune`, na kwa mkanda wenye chembechembe nyingi litakuwa kubwa mno. Kwa hiyo kulinganisha mafaili mawili ya CRF moja hakukuambii ni mpangilio upi unabana vizuri. Usawazishe ukubwa kwanza. Bana dakika ileile mara mbili kwa njia ya hatua mbili, zote kwa megabiti 8 kwa sekunde, moja na `grain` na nyingine bila `-tune`. Zote zitakaribia megabaiti 60. Kisha zitazame zikicheza, kwa umbali wa kawaida wa kukaa. Usisimamishe fremu moja ukaikuza, maana chembechembe ni jambo la mwendo. Usitegemee pia alama za PSNR: kipimo hicho hupenda ukuta laini kuliko chembechembe ambazo hazikukaa pikseli kwa pikseli mahali pake, na x264 yenyewe hutoa onyo ukikiomba huku upendeleo wa ukali ukiwa umewashwa.

Ukirudia jaribio kwa megabiti 2, mambo hugeuka. Biti hazitoshi chembechembe zote, miraba inaonekana, na `grain` inatoa picha mbaya kuliko mpangilio wa kawaida. Kwa bajeti hiyo ni heri upunguze chembechembe mwenyewe kabla ya kubana, kwa kichujio kama `hqdn3d`, kuliko kuiacha enkoda izivunjevunje. Vilevile, kama video inakwenda WhatsApp kama video ya kawaida au YouTube, itabanwa upya huko kwa mipangilio yao. Faili lako linapaswa kuwa na ubora wa ziada wa kustahimili hilo. `-tune` yako haisafiri nalo.

Picha mnato zinabaki. `-tune stillimage` ni ya video ambayo picha hukaa sekunde kadhaa bila kusogea, kama albamu ya harusi yenye muziki. Mtazamaji ana muda wa kukagua kila pembe, na enkoda hulipa gharama ya picha mara moja tu, kwa sababu fremu zinazofuata karibu hazina jipya la kuandika. Ndiyo maana mpangilio huu una ujasiri: kichujio -3:-3, upendeleo wa ukali 2.0, ugawaji wa biti 1.2. Kwa picha za kamera matokeo ni mazuri. Kwa slaidi za maandishi meusi juu ya weupe, ukali huo unaweza kuacha madoa hafifu kuzunguka herufi, na huko mimi huanza kwa `animation`. Na kama albamu yako ina picha zinazosogezwa na kukuzwa taratibu muda wote, basi picha hizo si mnato tena kwa macho ya enkoda. Ondoa `stillimage`, jaribu `film`, ulinganishe kwa ukubwa sawa.