Mwasho wa Mwili Mzima Bila Vipele kwa Wazee: Ngozi Kavu, Figo au Ini?

Mzee anapolalamika kwamba mwili mzima unamwasha, na ngozi yake haina vipele, sababu iliyo ya kawaida zaidi ni ukavu wa ngozi. Kwa hiyo ni sahihi kuanza na mafuta ya kupaka. Kosa hutokea pale mafuta yanaposhindwa na mgonjwa akaendelea kupewa mafuta yale yale, au vidonge vya kumlaza, kwa miezi mingi. Baadhi ya wazee hao wana maradhi ya figo au ini, na mwasho ni miongoni mwa dalili zao za mwanzo kuonekana.

Kwanza ifahamike kwa nini ngozi ya mzee hukauka hata katika kisiwa chenye unyevu kama Pemba. Kadiri umri unavyosonga, ngozi hutoa mafuta kidogo, na tabaka lake la juu hushindwa kuzuia maji yasipotee. Unyevu wa hewa hausaidii vya kutosha ikiwa mafuta machache yaliyobaki yanaondolewa kila siku kwa maji ya moto, sabuni ya kufulia na dodoki. Wakati wa kipupwe wazee wengi huoga maji ya moto zaidi, na mwasho huongezeka. Ukavu huu huonekana kwanza kwenye miundi ya miguu: magamba membamba meupe, kisha nyufa ndogo zinazofanana na tope lililokauka.

Uchunguzi wa ngozi uanze miguuni na uishie mgongoni. Mgonjwa anayejikuna huwa na michubuko mahali mkono unapofika, ilhali sehemu ya katikati ya mgongo, asikoweza kufika, hubaki safi. Alama hiyo huonyesha kwamba michubuko imeletwa na kucha wala si na ugonjwa wa ngozi wenyewe. Mhudumu atazame pia katikati ya vidole, viwiko na sehemu za siri, na aulize kama kuna wengine nyumbani wanaojikuna usiku, kwani ukurutu unaosababishwa na vijidudu vya ngozi huweza kuwa na vipele vichache mno kwa mzee. Orodha ya dawa anazotumia ipitiwe vilevile.

Hapa ndipo penye mtego. Mgonjwa wa figo aliyefikia hatua za mwisho naye huwa na ngozi kavu. Basi kuona magamba kwenye miundi hakutoshi kuondoa shaka juu ya figo. Kinachosaidia zaidi ni kulitibu tatizo la ukavu ipasavyo kwa muda wa wiki mbili, kisha kupima matokeo.

Kutibu ipasavyo kuna maana mahsusi. Mzee aoge kwa muda mfupi kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya kawaida itumike kwapani, kinenani na miguuni tu, na dodoki liwekwe kando. Ajifute kwa kugusagusa, kisha ndani ya dakika chache apakwe mafuta mazito kama vaselini mwili mzima, mara mbili kwa siku. Mtu mzima huhitaji kiasi cha gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Kikopo kidogo kinachodumu mwezi mzima hakihesabiki kuwa ni tiba. Tahadhari mbili zitolewe: nyayo zenye mafuta huteleza, na nguo iliyolowa mafuta hayo hushika moto upesi karibu na jiko au koroboi.

Chukua mfano huu, uliotungwa kwa ajili ya kueleza. Mkulima wa Jadida, Wilaya ya Wete, mwenye umri wa miaka 70 na uzito wa kilo 50, amewashwa kwa miezi minne. Amekwisha kutumia vidonge vya pritoni, vimempa usingizi na akaanguka mara moja alipoamka usiku kwenda chooni. Miundi yake ni mikavu. Anapakwa mafuta kwa namna iliyoelezwa. Baada ya wiki mbili miguu imelainika na haimwashi tena, lakini mgongo na mikono vingali vinawasha, hasa usiku.

Matokeo haya ya nusu ndiyo yanayopaswa kumpeleka maabara. Ukavu umetibiwa, mwasho umebaki. Kwa hiyo ukavu haukuwa sababu pekee. Anapimwa picha kamili ya damu, sukari, kreatinini, vipimo vya ini na mkojo. Vipimo vya ini ni vya kawaida. Kreatinini ni mikromoli 300 kwa lita. Umri wake ukitolewa katika 140 inabaki 70. Ikizidishwa kwa uzito wa kilo 50 na kwa 1.23, kisha ikagawanywa kwa 300, hupatikana takriban mililita 14 kwa dakika. Huo ni uwezo mdogo sana wa figo. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini ina faida kwa wazee wembamba, kwa sababu misuli ikiwa michache kreatinini huweza kuonekana si mbaya ilhali figo zimekwisha dhoofu.

Mkojo wake una protini kidogo tu. Jambo hili, pamoja na historia ya kukojoa damu utotoni alipokuwa akioga kwenye vijito na mabwawa, linaelekeza kwenye kichocho, ugonjwa uliosumbua vizazi vingi vya Pemba. Makovu ya kichocho huweza kuziba mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, kimya kimya, bila maumivu. Picha ya ultrasaundi inaonyesha figo zote mbili zimevimba kwa mkojo uliozuiliwa. Hali kama hiyo huonekana pia kwa wanaume wenye tezi dume lililokua. Kizuizi kikifunguliwa mapema, sehemu ya kazi ya figo huweza kurudi, kikichelewa, hairudi. Ndiyo maana miezi minne ya vidonge vya usingizi ina gharama.

Mwasho wa ini una sura nyingine. Hutokana na nyongo kushindwa kutiririka, mara nyingi huwa mkali viganjani na nyayoni, na huweza kutangulia manjano ya macho kwa wiki au miezi. Mgonjwa aulizwe rangi ya mkojo na ya choo: mkojo wa rangi ya chai nzito pamoja na choo cheupe ni ishara ya kuziba kwa njia ya nyongo, na hapo hakuna kusubiri wiki mbili.

Vivyo hivyo asisubirishwe mzee anayekonda bila sababu, mwenye tezi zilizovimba, homa za usiku, miguu iliyojaa maji au mkojo uliopungua.

Matibabu hufuata sababu. Gabapentini husaidia mwasho wa figo, lakini kwa dozi ndogo sana, kwa kuwa hutolewa na figo zenyewe. Haifai kwa mwasho wa ini, ambao hutibiwa kwa dawa kama kolestiramini. Pritoni na jamii yake hazigusi chanzo cha mwasho wa figo wala wa ini, na kwa wazee huleta kuchanganyikiwa, kuziba mkojo na kuanguka. Mafuta ya kupaka yaendelee kwa wote, kwani ngozi iliyolainika huwasha kidogo zaidi, hata pale chanzo kikiwa ndani ya mwili.