Fundi sola bila kazi ya kulipwa: Jinsi ya kutengeneza faili la kazi zako

Kijana amemaliza mafunzo ya umeme, labda VETA Songea, labda kwa fundi wa mtaani. Anakwenda duka la sola mjini kuomba kibarua, anaulizwa swali moja: "Umeshafunga wapi?" Hajafunga popote, kwa sababu hakuna aliyempa kazi. Na hakuna anayempa kazi, kwa sababu hajafunga popote.

Katika makala hii tunaeleza njia ya kutoka kwenye mzunguko huo: kujitafutia kazi ya mazoezi, kuifanya kwa vipimo, na kuiandika kwenye faili la kazi ambalo mtu anaweza kulisoma. Tumechagua sola kwa sababu vijijini kwetu nyumba nyingi zina paneli, na nyingi kati ya hizo zina lalamiko.

Anza na ubao

Kazi ya kwanza haihitaji nyumba ya mtu. Chukua kipande cha plaiwudi chenye ukubwa wa mlango wa kabati. Funga juu yake chaji kontrola, fyuzi, swichi mbili na taa mbili za volti 12, kisha unganisha na betri. Nyoosha waya, zibane kwa klipu, na andika alama kwenye kila waya: chanya au hasi, unatoka wapi, unakwenda wapi.

Piga picha ya ubao mzima, halafu picha ya karibu ya viungo. Fundi mzoefu haangalii kama taa inawaka. Anaangalia kama fyuzi iko karibu na betri, na kama kuna nyuzi za shaba zilizobaki nje ya skrubu. Vifaa hivyo ukishavipiga picha unavifungua na kuvitumia tena.

Kisha tafuta lalamiko la kweli

Ubao unaonyesha mkono wako. Hauonyeshi kama unaweza kujua tatizo liko wapi. Hapo unahitaji nyumba ya ndugu au jirani aliyekubali.

Tuchukue mfano. Shangazi ana paneli ya wati 50 na betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 50. Taa zinazima saa tatu usiku. Yeye anasema betri imekufa, na anakusanya fedha za kununua nyingine.

Usiguse kitu kwanza. Siku ya kwanza ni ya kuhesabu. Taa 4 za wati 5 zikiwaka saa 4 zinakula wati-saa 80. Televisheni ya wati 20 kwa saa 4 inakula 80 nyingine. Simu tatu, kadiria 30. Jumla ni wati-saa 190 kwa siku.

Sasa upande wa paneli. Siku ya jua zuri, kadiria jua kali la saa 5: wati 50 mara saa 5 ni 250. Ondoa kama asilimia 30 inayopotea kwenye joto, waya na betri, inabaki 175. Lakini keti uwanjani uangalie. Ukiona kivuli cha mwembe kinaifunika paneli kuanzia saa nane mchana, basi jua kali ni kama la saa 3 tu. Hapo shangazi anapata karibu 105, na anatumia 190.

Na betri? Volti 12 mara ampea-saa 50 ni wati-saa 600. Tukitumia nusu tu ili isife mapema, ni 300. Inatosha. Kwa hesabu hii betri haijafa, ina njaa. Betri mpya nayo ingelala na njaa.

Hesabu pekee haitoshi, ithibitishe kwa mita. Jua likishazama, zima kila kitu, subiri kama saa moja, kisha pima betri. Betri ya kawaida ya asidi iliyojaa husoma karibu volti 12.6, na iliyobaki nusu karibu 12.2. Ikisoma 12.2 wakati huo, kabla usiku haujaanza kuila, ujue haijazwi mchana. Lakini ikisoma 12.6 kisha ishuke haraka kwa taa moja tu, shangazi yuko sahihi: betri imechoka. Pima jioni tatu mfululizo na uandike kila kipimo na tarehe yake.

Fanya badiliko moja, upime tena

Unahamisha paneli mbali na mwembe. Hapa Songea tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo ielekee kaskazini na ilale kidogo tu, kama nyuzi 10 hadi 15. Angalia mtego mmoja: paneli ikienda mbali, waya unarefuka. Kwa mita 15, waya wa milimita 1.5 unaweza kupoteza karibu volti moja njiani. Wa milimita 4 unapoteza chini ya nusu volti. Gharama ya waya ni ya shangazi, na akubali kabla hujanunua.

Kisha pima jioni tatu tena, saa zilezile. Sasa paneli inaleta 175, matumizi ni 190. Bado pungufu 15. Televisheni ikizimwa dakika 45 mapema, hesabu inakaa sawa.

Andika ukurasa mmoja

Ukurasa wa faili lako uwe na mambo haya kwa mpangilio: lalamiko kwa maneno ya mwenye nyumba, ulichohesabu, ulichopima kabla, ulichobadilisha, ulichopima baada, na kilichobaki bila kutatuliwa. Hilo la mwisho wengi huliacha. Kwenye mfano wetu, lazima uandike kwamba masika, mawingu yakitanda, paneli ya wati 50 haitatosha. Mwenye duka akisoma hapo anajua huyu hatamdanganya mteja wake.

Juu ya ukurasa andika wazi: "Kazi ya mazoezi, bila malipo ya ufundi, nyumbani kwa ndugu." Usiiite kazi ya mteja. Usiweke picha ya mtandaoni, kwa sababu swali la kwanza litakuwa "kwa nini uliweka waya huu?" na hutakuwa na jibu. Hata badiliko lisiposaidia, andika, kisha eleza ulichogundua.

Ubao mmoja na nyumba mbili au tatu zenye malalamiko tofauti zinatosha. Weka picha na kurasa kwenye folda moja ya simu, na nakala ya karatasi kwenye faili. Ukifika dukani usianze na cheti. Fungua ukurasa wa shangazi.

Mipaka

Haya yote ni ya volti 12. Hata hapo, betri ikigusishwa chanya na hasi kwa spana inaweza kukuunguza. Nyaya za umeme wa TANESCO si za mazoezi: kufunga umeme majumbani kunahitaji leseni ya EWURA. Ukitaka uzoefu huo, fanya kazi chini ya fundi mwenye leseni, na kwenye faili lako andika sehemu uliyofanya wewe tu.