Macho ya Nondo Katika Kazi ya Pua

Jean-Henri Fabre, mchunguzi wa wadudu aliyeishi Sérignan, kusini mwa Ufaransa, aliwahi kumfungia nondo jike ndani ya chombo cha kioo kisichopitisha hewa, akamweka karibu na dirisha ambalo madume walikuwa wakilitumia kuingilia. Jike alionekana waziwazi. Madume walioingia walimpita kana kwamba hayupo, wakaenda kukizonga kizimba cha waya kilichokuwa kwingine chumbani, chenye sahani ya mchanga ambayo jike huyo alikuwa ameikalia kabla ya kuhamishwa. Mwenyewe hakuwemo tena, ila harufu yake ilibaki mchangani. Jaribio hilo, lililochapishwa mwaka 1900, limewafanya wengi waamini mambo mawili kwa pamoja: kwamba nondo dume hutafuta mwenzi kwa harufu, na kwamba macho hayamsaidii kitu katika safari hiyo. La kwanza ni sahihi kabisa. La pili halifuati, kwa sababu Fabre alionyesha tu kwamba dume hamtambui jike kwa kumwona. Jicho laweza kuwa na kazi nyingine njiani, na ushahidi uliopatikana baadaye unaonyesha kwamba bila jicho pua ya nondo arukaye haimfikishi mbali.

Tuanze na hiyo pua, ambayo iko kwenye vipapasio, zile nyuzi mbili za kichwani ambazo kwa madume wengi zimetawanyika mithili ya unyoya. Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Adolf Butenandt na wenzake walitangaza kuwa wameitambua kemikali anayoitoa nondo jike wa hariri, wakaiita bombikoli. Walihitaji tezi za majike yapata 500,000 ili kupata kiasi kidogo tu cha kupima. Dume wa nondo huyo ana vinyweleo vipatavyo 17,000 katika kila kipapasio vilivyotengwa kwa ajili ya harufu ya jike. Kila kinyweleo kimetobolewa vitundu visivyoonekana kwa macho, na ndani yake mna umajimaji wenye protini zinazoipokea molekuli na kuifikisha kwenye seli ya neva. Molekuli moja ya bombikoli yatosha kuishtua seli moja, na mia mbili hivi zikipokewa karibu wakati mmoja, dume huanza kupiga mabawa. Kuna jambo jingine ambalo husahaulika: ndani ya kinyweleo kuna pia vimeng'enya vinavyoharibu feromoni. Harufu ikishasomwa huondolewa upesi, na seli huwa tayari kusoma nyingine. Kipapasio hiki kimeundwa kuhesabu mipigo ya harufu, si kuilimbikiza.

Msomaji atauliza: kama pua ni kali kiasi hicho, kwa nini dume asifuate harufu kutoka inapofifia kwenda inapokolea, mpaka amfikie jike? Maelezo hayo yangefaa kama hewa ingekuwa imetulia na harufu imesambaa kwa utaratibu. Nje hali si hiyo. Upepo huichana harufu ikawa nyuzi na mafungu, na katikati yake mna hewa isiyo na kitu. Fungu lililo mbali na jike laweza kuwa zito kama lililo karibu naye, kwa hiyo dume anayepima uzito wa harufu kutoka hatua moja hadi nyingine angezunguka papo hapo usiku kucha. Majaribio ya miaka ya 1980 na 1990 yalithibitisha hili kwa namna isiyotarajiwa: nondo wa aina kadhaa wakizungukwa na wingu la feromoni lililosambaa sawasawa hushindwa kusonga mbele, lakini harufu ileile ikiletwa kwa mipigo, mara kadhaa kwa sekunde, huenda moja kwa moja. Kila mpigo humwambia dume aelekee upepo unakotoka. Mipigo ikikatika, huacha kusonga mbele, akayumba kulia na kushoto kuukata upepo mpaka aikute tena.

Hapo ndipo jicho linapoingia. Nondo wa hariri aliyefugwa karne nyingi hawezi kuruka. Hutembea, na mdudu mwenye miguu chini huusikia upepo mwilini. Arukaye hana nafasi hiyo. Amebebwa na hewa yenyewe, na anachokihisi mwilini ni mwendo wake mwenyewe ndani ya hewa hiyo, kama mtu aliye kwenye mtumbwi katikati ya mkondo ambaye hajui anapelekwa wapi asipotazama ufukwe. Ufukwe wa nondo ni ardhi inayopita chini yake. Akielekea upepo barabara, ardhi huonekana ikirudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Akisukumwa kando, huonekana ikipita mshazari, naye hujirekebisha.

Mwaka 1974 John Kennedy na David Marsh walilijaribu hili ndani ya njia ya upepo iliyojengwa maabara, wakimtumia nondo yule mdogo anayeharibu nafaka na unga ghalani. Sakafu ya njia hiyo ilikuwa mkanda wenye michoro ulioweza kusogezwa. Upepo na harufu havikubadilishwa. Kilichobadilishwa ni sakafu peke yake. Mkanda ulipovutwa kuelekea unakokwenda upepo, ardhi ilionekana kwa nondo ikirudi nyuma kasi mno, akapunguza mwendo, na kwa kuurekebisha mkanda watafiti waliweza kumweka angani mahali pamoja huku akiendelea kupiga mabawa na kunusa. Harufu ilikuwa ileile puani. Kilichomzuia ni macho.

Wapo watakaosema kwamba nondo huruka usiku, na kwamba ardhi isiyoonekana haiwezi kumwongoza mtu. Pingamizi hili lina uzito kwa jicho la binadamu, lakini jicho la nondo limejengwa vingine. Jicho la mdudu ni mkusanyiko wa vijicho vingi, kila kimoja na lenzi yake. Kwa nyuki na wadudu wengi wa mchana, kila kijicho kimezungukwa na rangi nyeusi, na mwanga wa lenzi moja huishia kwa vipokezi vya kijicho hichohicho. Nondo wengi wa usiku wana nafasi angavu kati ya lenzi na vipokezi. Giza likiingia, rangi nyeusi hujikusanya pembeni, na mwanga wa mamia ya lenzi hukutana mahali pamoja. Ukimmulika nondo kwa tochi usiku utaona macho yake yaking'aa. Huo ni mwanga uliopenya mpaka ndani ukarudishwa. Gharama yake ni kwamba picha hupoteza ukali. Lakini kuona mabaka meusi na meupe ya ardhi yakisogea hakuhitaji picha kali. Isitoshe, mwaka 2002 Almut Kelber na wenzake walionyesha kwamba nondo mmoja mkubwa wa Ulaya hutofautisha rangi za maua hata kwa mwanga wa nyota, wakati ambapo sisi huona kijivu kitupu.

Mkulima wa mahindi wa Afrika Mashariki anakutana na haya yote kwenye mtego wa kiwavijeshi vamizi, aliyeripotiwa mara ya kwanza Afrika mwaka 2016. Mtego ni ndoo yenye faneli, na chambo cha feromoni huning'inizwa chini ya kifuniko. Hutundikwa juu kidogo ya mahindi, ukapandishwa kadiri yanavyorefuka, ili upepo uisambaze harufu juu ya shamba; ukizama kati ya majani, mkondo wa harufu hukwama. Idadi inayonaswa hutegemea upepo wa usiku huo pamoja na wingi wa nondo, kwa hiyo ndoo tupu baada ya usiku mmoja wa hewa tulivu si ushahidi kwamba shamba ni salama. Wanaonaswa ni madume, ilhali mayai hutagwa na majike. Tena chambo huvuta na nondo wa aina nyingine wenye feromoni inayokaribiana, na hao wasipotengwa kabla ya kuhesabu, hesabu humfanya mkulima apulize dawa bila sababu. Mtego humwambia lini aanze kukagua. Uamuzi wa kupuliza hutokana na kupita kwenye mistari, kufunua majani machanga ya katikati ya mhindi, na kuhesabu miche iliyotafunwa.