Je, Wajua? Siku 7 za kuirudisha akaunti ya Spotify

Kijana wa Ihumwa akifunga kabisa akaunti yake ya Spotify leo, ana siku 7 tu za kughairi. Hutumiwa barua pepe yenye kiungo cha kuifungua upya. Siku hizo zikipita, nyimbo alizohifadhi, orodha alizopanga kwa miaka, wafuasi na jina la mtumiaji havirudi tena. Wengine hukwama hapo: barua pepe yenyewe walifunguliwa na fundi simu, na nywila hawaijui. Kama tatizo ni malipo, sitisha Premium tu. Akaunti hubaki ya bure na orodha zako zimo. Kufuta programu kwenye simu hakufungi akaunti. Kabla hujafunga, hakikisha kwanza barua pepe yako inafunguka.