Konsoli kuu ikae kwa nani?

Mama mmoja wa Buyenzi aliniletea PS4 akiwa ameifunga kwenye kitenge kama mtoto. Akaiweka juu ya meza, akasema, "Fundi, mashine hii imefungwa kufuli. Watoto hawana raha tangu jana." Nilidhani anasema kwa mafumbo. Nilipoiwasha nikaona kufuli kweli: kila gemu kwenye skrini ilikuwa na kikufuli kidogo pembeni ya picha yake. Nikaizungusha, nikasikiliza feni, nikapima diski ya ndani. Mashine ilikuwa nzima. Kilichobadilika kilibadilishwa Ubelgiji, na aliyekibadilisha ni mwanawe mkubwa, yule yule aliyezinunua gemu zenyewe.

Kesi za namna hii naletewa mara nyingi, kwa sababu konsoli nyingi hapa Bujumbura huja na ndugu wa ng'ambo. Duka la PlayStation halitambui Burundi miongoni mwa nchi zake. Ukifungua akaunti, nchi yetu haimo kwenye orodha. Basi akaunti huwa ya Ubelgiji, ya Ufaransa au ya Kanada, inalipiwa kwa kadi ya huko, na nchi ukishaichagua haibadiliki tena. Familia ya hapa inacheza gemu ambazo mwenye nazo anaishi kwingine. Mpango huo unasimama juu ya alama moja tu, na wachache wanaijua.

Gemu ya kupakua si kitu kilichomo ndani ya mashine. Ukinunua ya diski, diski ndiyo haki yako: ukimpa jirani, jirani anacheza na wewe unabaki kutazama. Ya kupakua haki yake imeandikwa kwenye akaunti ya mnunuzi, huko kwenye seva za Sony. Kwa hiyo kila unapoifungua, mashine inauliza swali: je, aliyeshika pedi ni mwenye akaunti? Kama ni yeye, na intaneti ipo ya kuthibitisha, anacheza kwenye PS4 yoyote duniani. Kama si yeye, mlango unafungwa.

Isipokuwa kwenye mashine moja. Kila akaunti inaruhusiwa kuichagua PS4 moja iwe konsoli yake kuu. Kwenye mashine hiyo swali halimhusu tena mtu. Yeyote mwenye jina lake ndani ya konsoli ile, awe mdogo wako, binamu au shangazi, anacheza gemu zako zote akitumia akaunti yake mwenyewe. Na jambo la pili, ambalo kwetu lina uzito zaidi: hapo gemu hufunguka hata bila intaneti. Haki imewekwa ndani ya mashine.

Yule kijana alikuwa amenunua PS4 nyingine huko aliko. Akataka iwe kuu, kwa kuwa aliona ndiyo yake anayoitumia kila siku. Mashine ikamkatalia, maana kuu ilikuwa tayari iko Buyenzi. Akaingia kwenye tovuti ya akaunti yake, akafuta alama kwenye vifaa vyote kwa mpigo, kisha akaiweka kwenye mashine mpya. Kwake hakuna kilichobadilika hata kidogo. Gemu zilifunguka vilevile. Buyenzi, konsoli ilipounganishwa na intaneti, ikapata habari kwamba si kuu tena, na watoto wakaamkia makufuli.

Kosa lake linaeleweka. Neno "kuu" linamdanganya mtu. Anadhani ni konsoli ya mkubwa, konsoli ya mwenye mali. Kumbe mwenye akaunti ndiye asiyehitaji alama hiyo, maana yeye hufunguliwa popote alipo, mradi ana intaneti. Wanaoihitaji ni wale wasionunua. Kwa hiyo weka alama pale walipo wengine, na pale intaneti inapokatika. Nyumba ya Ubelgiji ina waya wa intaneti usiolala. Nyumba ya Buyenzi inanunua bando la simu, na umeme ukienda, kila kitu kinaenda nao. Hakuna haja ya kufikiri mara mbili konsoli kuu ikae wapi.

Tulirekebisha jioni ile ile kwa simu ya video. Kijana alianza kwanza upande wake, kwenye PS4 yake: Settings, kisha Account Management, kisha Activate as Your Primary PS4, na hapo akachagua Deactivate. Halafu nikaingiza akaunti yake kwenye mashine ya mama. Nenosiri aliliandika mdogo wake wa kike huku kaka akimtamkia herufi moja moja. Mimi niligeuka pembeni, na nawashauri mafundi wenzangu wageuke. Tarakimu za uthibitisho zikaingia kwenye simu yake kule, akazisoma haraka kabla hazijaisha muda. Tukapita njia ile ile ya menyu, safari hii tukachagua Activate. Makufuli yakaondoka. Kama kuna gemu inayobaki imefungwa, palepale kwenye Account Management pana Restore Licenses, ambayo huziomba haki upya kutoka kwenye seva. Kwenye PS5 jambo ni lile lile ila limepewa jina lililo wazi zaidi, Console Sharing and Offline Play, na nafasi yake ni tofauti: akaunti moja yaweza kuwa na PS4 kuu moja na PS5 moja iliyowashiwa kushirikiana.

Baada ya hapo kaka na dada walicheza mpira pamoja, yeye Ubelgiji na dada Buyenzi, kila mmoja kwa akaunti yake, kwa nakala moja ya EA SPORTS FC 25 iliyolipiwa mara moja. Watu hunibishia hapa, lakini ndivyo ilivyo. Mwenye akaunti anafunguliwa kwa jina lake, dada anafunguliwa kwa konsoli kuu; ni milango miwili tofauti ya nyumba moja. Hata PlayStation Plus, ile ada inayohitajika ili kucheza na mtu wa mbali, inamfikia dada kwenye konsoli kuu bila yeye kulipa. Binamu wa Ngagara akitaka kuingia na PS4 ya tatu, hapati. Mlango wa tatu hakuna.

Sharti moja ndilo linalovunja amani ya familia nyingi: dada acheze kwa jina lake, si kwa jina la kaka. Watoto hupenda kubonyeza jina la kaka kwa kuwa ndilo lenye picha nzuri na timu iliyokwisha jengwa. Lakini akaunti moja haikai hewani kwenye PS4 mbili kwa wakati mmoja. Mtoto akiingia kwa jina la kaka huku Buyenzi, kaka anatolewa kule katikati ya mchezo, pengine dakika ya themanini akiongoza bao moja. Naye akirudi, mtoto anatolewa. Nimesuluhisha ugomvi wa namna hii kati ya watu wasioonana kwa miaka mitatu. Jina la kaka libaki ndani ya mashine bila kufutwa, lakini lisiguswe. Na kwenye mipangilio yake awashe Require Password at Checkout, ili kidole cha mtoto kisinunue kitu kwa kadi ya Ubelgiji.

Kinachogawanywa ni haki ya kufungua gemu, na kinaishia hapo. Mchezo uliohifadhiwa ni wa kila mtu kivyake: dada anaanza msimu wake mwanzo hata kama kaka yuko msimu wa tano. Vikombe vya PlayStation vinakwenda kwa aliyeshika pedi. Timu ya Ultimate Team imefungwa kwenye akaunti iliyoijenga, na FC Points ambazo kaka alizinunua kwa yuro haziwezi kuvuka kwenda kwa mdogo wake hata wakikaa kochi moja. Kanuni rahisi ya kukumbuka: kinachotumika kikaisha, kama sarafu za ndani ya gemu, ni cha akaunti, kinachobaki, kama gemu yenyewe, kinaweza kushirikiwa kwenye konsoli kuu. Gemu zinazokuja na PlayStation Plus nazo zinashirikiwa, ila ada ikikoma zinafungwa kwa wote, kaka akiwemo.

Upande wa mashine isiyo kuu kuna adha yake, na kaka ameikubali. Intaneti yake ikikatika, gemu za kupakua hazifunguki, na aliyokuwa akiicheza yaweza kusimamishwa. Ndiyo maana ukimkuta mtu wa Kinindo mwenye PS4 isiyo kuu anashangaa kwamba gemu "inaharibika kila umeme wa mtaa unapokatika" ingawa yeye ana betri nyumbani, usifungue mashine yake. Betri imeiwasha konsoli, lakini mnara au waya wa intaneti umezimika, na swali la akaunti halina wa kulijibu.

Xbox hufuata mantiki hiyo hiyo, kwa jina la Home Xbox, na inakuruhusu kuhama mara tano kwa mwaka. Nintendo imeshika njia nyingine tangu 2025: gemu ya kupakua imekuwa kama kadi inayoazimwa. Unampa mtu wa kundi lako la familia kwa siku 14, na wakati iko kwake, kwako haipo. Ni uaminifu wa diski ulioletwa kwenye hewa, na binafsi naona unaeleweka na watoto upesi kuliko alama ya Sony.

Rudi kwa mama wa Buyenzi, maana limebaki jambo moja. Kuondoa alama ukiwa umekaa mbele ya konsoli yenyewe, unaweza wakati wowote. Kuiondoa kwa mbali kupitia tovuti, kama alivyofanya kijana, Sony inakuruhusu mara moja tu kwa miezi sita. Njia hiyo ni ya akiba, kwa konsoli iliyoibwa, iliyouzwa bila kufutwa, au iliyoungua. Na PS4 ikiungua ubao wake mkuu nikaweka mwingine, kwa Sony hiyo ni mashine nyingine kabisa, hata kama boksi na mikwaruzo ni ile ile. Kijana ametumia akiba yake kwa jambo lisilohitaji akiba. Umeme ukirudi kwa kishindo kesho na kuiunguza PS4 ya mama, alama itabaki kwenye mashine iliyokufa, na mpya haitaipata mpaka miezi sita iishe.

Nilimuuzia stabilaiza, akalalamika kuhusu bei, akanunua.