Bando Lipo, Intaneti Haipo

Simu ikigoma kuingia mtandaoni, wengi hununua bando jingine papo hapo. Kabla hujatoa hata shilingi, tazama juu ya kioo, kando ya vistari vya mtandao. Ukiona 4G, H au E na bado kurasa hazifunguki, mara nyingi laini imeshaunganishwa na intaneti, kilichokwisha ni bando. Piga namba ya kuangalia salio, usome ujumbe mpaka mwisho: MB zilizobaki na saa ya kuisha. Bando la saa 24 lililonunuliwa jana saa nne asubuhi hufa leo saa nne, hata kama hukuligusa. Na kama WhatsApp inafanya kazi lakini tovuti zimegoma, huenda kilichobaki ni MB za mitandao ya kijamii tu.

Vistari vikiwepo bila herufi yoyote kando, habari ni nyingine. Chukua mfano wa simu iliyoletwa na shemeji kutoka Dubai. Mwenyewe anaweka laini yake ya Vodacom Tanzania, anapiga na kupokea bila shida, meseji zinaingia, bando jipya lipo. Kwanza aangalie kama data imewashwa, na kwenye simu ya laini mbili, kama imewashwa kwa laini yenye bando. Hili la pili linawapata watu wengi kuliko wanavyokiri. Kama vyote viko sawa na bado kimya, ashuku APN, yaani jina la njia ambayo simu inapitia kuingia intaneti. Kupiga simu hakuihitaji, ndiyo maana sauti inapita na data inakwama.

Aingie kwenye mipangilio, sehemu ya mitandao ya simu, afungue Access Point Names. Orodha ikiwa tupu, aongeze mpya. Penye Name aandike lolote apendalo. Penye APN aandike internet, kwa herufi ndogo, bila nafasi mwishoni. Airtel Tanzania nao hutumia neno hilo hilo. Kwa Safaricom ya Kenya, APN ni safaricom, Username ni saf na Password ni data. Sehemu za MCC na MNC asiziguse: hizo ni namba za nchi na mtandao, simu huzisoma kwenye laini, na ukizikosea APN uliyohifadhi haitaonekana tena kwenye orodha.

Kisha ahifadhi kwa vidoti vitatu vya juu, na hapa ndipo wengi wanapoishia njiani: kuhifadhi hakutoshi, lazima abonyeze kile kiduara kando ya jina ili kiwake. Awashe hali ya ndege, asubiri kidogo, aizime. Herufi ikitokea kando ya vistari, kazi imekwisha.

Isipotokea, hamishia laini kwenye simu nyingine. Ikigoma na huko, simu yako haina kosa. Nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao wako, ubadilishiwe laini.